TAHADHARI: "GTX 1050 Ti 4GB" inayozunguka kwenye magrupu ya Mtwara na Lindi ni feki

Wadau, kuna tangazo linapita kwenye magrupu ya WhatsApp ya huku Kusini. Kadi ya grafiksi "GTX 1050 Ti 4GB, haijawahi kuchimba, bei ya kirafiki", inatumwa kwa basi kutoka Dar ukishalipa kwa simu. Kijana mmoja wa Masasi anayehariri video za harusi aliinunua kwa 180,000, akaniletea hapa Mtwara mjini niiangalie. Ni feki. Msitume hela.

Kinachowaponza watu ni kwamba siku hizi kila mnunuzi anauliza swali moja tu: ilichimba sarafu za kidijitali? Muuzaji anajibu hapana, na hapo hadanganyi, maana chipu iliyomo ndani ni ya zamani mno na haina faida yoyote kwa uchimbaji. Amechukua kadi ya enzi za GTS 450, iliyotoka 2010, akabadilisha programu ya BIOS iliyo kwenye kadi ili ijitambulishe kwa jina jingine na kudai ina memori ya 4GB. Ndiyo maana Windows nayo inakuandikia "NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti" bila wasiwasi wowote. Inarudia tu ilichoambiwa na kadi.

Kijana alishtuka alipoanza kazi. Kwenye OBS, programu ya kurekodi video, hakuona kabisa chaguo la NVENC, ile sehemu ya kadi inayobana video wakati wa kurekodi au kuitoa. 1050 Ti halisi inayo. Chipu za kizazi cha Fermi, kama hii, hazikuwahi kuwa nayo. Akidhani ni draiva, akashusha mpya kutoka NVIDIA, na mashine ikaanza kuwaka na kuzima. Alipompigia muuzaji akaambiwa, "Kaka, usiapdeti, tumia draiva niliyokutumia." Mtu akikuambia hivyo kuhusu 1050 Ti, jua kuna jambo anaficha. NVIDIA waliacha kutoa draiva mpya za Fermi mwaka 2018. Toleo la mwisho la kawaida ni 391.35.

Memori ndiyo inayoumiza zaidi. Hii ya kijana ina 1GB tu. Ukifungua dezktopu au klipu fupi, kila kitu kinaenda vizuri, kwa hiyo video ya majaribio anayokutumia muuzaji haithibitishi chochote. Kazi ikishavuka hiyo 1GB, kadi inaandika mahali ambapo hapapo na kuharibu data iliyokwisha kuwekwa: picha inajaa mistari na vipande vya rangi, kisha mashine inaganda. Ukiiona hivyo unaweza kudhani memori imekufa kwa joto la uchimbaji, ukaanza kutafuta fundi wa kubadilisha chipu za memori. Usipoteze hela yako huko, hakuna cha kubadilisha.

Kabla ya kulipa, omba picha ya upande wa soketi, ule unaotokeza nyuma ya kompyuta. Kwenye tangazo hili kuna tundu la VGA la bluu. Chipu ya 1050 Ti haitoi mawimbi ya VGA, na kadi zake kwa kawaida huja na HDMI, DisplayPort na DVI. Hata hiyo DVI iangalie kwa karibu: pembeni mwa tundu refu bapa kukiwa na vitundu vinne vidogo, hiyo ni DVI ya kizazi cha nyuma. Soketi ya umeme ya pini 6 isikutishe wala kukutuliza, kwa sababu zipo 1050 Ti halisi zenye nayo na zisizo nayo.

Kisha mwambie akurekodie video, si skrinshoti, akifungua GPU-Z mpya aliyoishusha hapohapo. Tangu 2018 programu hii inaisoma chipu yenyewe, na ikikuta ulaghai wa aina hii inaandika [FAKE] mbele ya jina. Kwa kadi halisi utaona GPU ni GP107, Shaders 768, Technology 14 nm. Hii ya kijana ilisoma GF106, 192 na 40 nm. Nasisitiza GPU-Z iwe mpya kwa sababu matoleo ya zamani yanaweza kukubali jina la uongo na kukujazia namba za kadi halisi.

Kama tayari umeinunua, usijaribu kuifuta BIOS yake. Iache kama ilivyo, hifadhi meseji zote, muamala wa malipo na risiti ya basi, uende navyo polisi pamoja na kadi yenyewe. Kijana wa Masasi amefanya hivyo. Muuzaji ameshamblock, lakini tangazo limerudi kwa namba nyingine likiwa na picha ileile, kadi juu ya kitambaa chekundu, VGA ikionekana kabisa.