Uzoefu wangu: nauli ilipanda njiani, kadi ikaonekana kukatwa mara mbili

Mwezi uliopita nilimpeleka mama kliniki Muhimbili kutoka Mbezi Beach. Niliita gari kwa simu, programu ikanionyesha makadirio ya shilingi 18,000, nami nikachagua kulipa kwa kadi ya benki. Kwenye akaunti nilikuwa na 43,000, kwa hiyo nilijua hata nauli ikipanda kidogo, ya kurudia ipo.

Gari halijafika hata getini, meseji ya benki ikaingia: 18,000 zimetoka. Nikashangaa, maana safari haijaanza. Foleni ya Mwenge ilitushika vilivyo, halafu tukapita famasi kuchukua dawa, dereva akasubiri. Tulipofika akagusa kitufe cha kumaliza safari na nauli ikasoma 21,500. Sikubishana naye, kwani dakika za foleni na za kusubiri zinahesabiwa pamoja na kilomita. Kilichonitoa jasho ni meseji ya pili ya benki: 21,500 zimetoka. Salio lililobaki lilikuwa 3,500. Nimesimama mlangoni na mgonjwa, ya kurudia sina.

Kesho yake nilikwenda benki, na dada wa dirishani alinieleza jambo ambalo ningelijua mapema nisingelia. Ile 18,000 ya kwanza haikulipwa kwa mtu yeyote. Unapoita gari kwa kadi, kampuni haijui bado utadaiwa shilingi ngapi, ila inataka uhakika kwamba fedha ipo. Kwa hiyo inaiomba benki izuie kiasi cha makadirio. Fedha inabaki kwenye akaunti yako lakini huwezi kuigusa. Safari ikiisha na nauli ikawa ileile au pungufu, kampuni inachukua kiasi halisi kutoka kwenye ile iliyozuiwa, na kinachobaki kinaachiwa. Nauli ikizidi, kile kilichozuiwa hakitoshi. Kwangu mimi, kampuni iliomba idhini mpya ya 21,500 nzima na kuiacha ile ya zamani ijifutie. Kwa siku kadhaa zote mbili zikawa zimekaa juu ya akaunti moja.

Alinigeuzia skrini yake nione. Kulikuwa na salio la akaunti na salio linaloweza kutumika, na tofauti kati ya hayo mawili ndiyo fedha iliyozuiwa. Kwenye taarifa ya akaunti, ile 21,500 ilikuwa imeandikwa kama malipo yaliyokamilika, lakini 18,000 ilikuwa bado "pending". Hapo ndipo pa kutazama kabla hujaanza kugombana na dereva au kampuni. Zote mbili zikikamilika, hapo umekatwa mara mbili kweli na una haki ya kudai. Chukua risiti ya safari na taarifa ya akaunti uende navyo.

Yangu ilirudi siku ya nne, kimyakimya. Benki ilinitumia meseji ya kuzuia lakini ya kuachia haikutuma, nikagundua nilipoangalia salio tu. Nasikitika kwamba programu haikuniambia neno hata moja kuhusu hili wakati naingiza kadi. Mwenye mshahara mzima kwenye akaunti hataona tofauti. Anayeishi kwa kiasi cha wiki anaweza kushinda njaa siku nne kwa sababu hiyo. Na kama ningekuwa na 30,000 tu, ile idhini ya pili ingekataliwa, nauli ingegeuka deni kwenye programu, na nisingeweza kuita gari lingine mpaka nililipe.

Siku ile tuliokolewa na dereva wa kurudi. Alipiga simu kabla hajaja, kama wanavyofanya wengi: "Dada, unalipa keshi au kadi?" Nikamwambia ukweli, akakubali alipwe kwa simu tukifika. Mdogo wangu ndiye aliyetuma. Dereva aliomba tuongeze na ya kutolea, tukaongeza.

Sasa safari za hospitali, ambazo sijui foleni wala kusubiri kutakuwaje, nalipa kwa simu mwishoni. Namwomba dereva amalize safari kwanza, nasoma nauli kwenye simu yangu mwenyewe, ndipo natuma. Kama ana lipa namba natumia hiyo, kwa sababu jina linatokea kabla sijathibitisha na suala la ya kutolea linakwisha. Kadi nimeibakiza kwa safari fupi za jioni, na siitumii kama kwenye akaunti hakuna angalau mara mbili ya makadirio pamoja na nyongeza ya foleni.