Laptopu ya GB 4 na michoro ya grili: uzoefu wangu na LibreCAD

Ninachomelea milango na grili huku Katwe, Kampala. Laptopu yangu ni ya mtumba, ina RAM ya GB 4 na diski ya kizamani inayozunguka. Mafundi wenzangu wakiona michoro yangu huniuliza nimetumia programu gani ya bure. Mimi nami huwauliza kwanza: unachora nini?

Grili, mlango, stendi ya tangi?

LibreCAD. Hii ni ya michoro bapa tu, ndiyo maana haiichoshi mashine. Kwangu inafunguka upesi na inafanya kazi bila intaneti, kwa hiyo bando halihusiki.

Nitaeleza grili moja. Dirisha lilikuwa mm 1200 kwa 1200. Niliacha mm 5 kila upande, fremu ikabaki 1190. Niliandika `line`, kisha pointi moja moja:

```
0,0
@1190,0
@0,1190
@-1190,0
0,0
```

Alama ya `@` maana yake ni "kuanzia pale ulipofika". Ukiisahau, mstari unakwenda kwingine kabisa, na hilo ndilo kosa la kwanza la kila anayeanza.

Fremu ni bomba la mraba la mm 25, hivyo ndani inabaki 1140. Mteja ana watoto wadogo, akataka uwazi kati ya nondo usizidi mm 100. Nondo za mm 12 zikiwa tisa, uwazi ni 103.2, umezidi. Zikiwa kumi, unatoa 120 kwenye 1140, unagawa 1020 kwa 11, unapata 92.7. Zamani hesabu hii niliifanya kwa chaki sakafuni, na nondo ya mwisho ilikuwa ikibanana na fremu.

Mbona mchoro ni sahihi lakini kazi imetoka ndogo?

Hapa niliumia. Nilipeleka PDF steshenari, ikachapwa, nikampa kijana wangu karatasi ya skeli 1:10. Alipima kwa rula, akazidisha kwa kumi, akakata. Fremu ilitoka 1130. Printa ilikuwa imewekwa ibane ukurasa ili uenee kwenye karatasi, kwa hiyo kila mstari ulipungua kwa asilimia tano. Bomba lile halikurefuka tena.

Sasa ninaweka 1:10 mwenyewe kwenye `Print Preview`, nachagua A4, na steshenari nasisitiza wachape kwa `Actual size`. Kabla sijaondoka pale naweka rula kwenye karatasi: fremu ya 1190 lazima isome mm 119. Ikisoma 113, karatasi hiyo siichukui. Usijaribu 1:5 kwenye A4, maana fremu hiyo itahitaji mm 238 na karatasi ina upana wa 210. Na vipimo viandikwe kwenye mchoro wenyewe, ili anayekata asome namba, asitegemee rula.

Kitu cha kuchapwa kwa printa ya 3D?

Kwa kifuniko cha plastiki cha mdomo wa bomba natumia OpenSCAD. Huburuti kitu kwa mausi, unaandika vipimo:

```
bomba = 25;
unene = 1.5;
ndani = bomba - 2*unene - 0.4;
translate([-bomba/2, -bomba/2, 0])
  cube([bomba, bomba, 3]);
translate([-ndani/2, -ndani/2, 3])
  cube([ndani, ndani, 12]);
```

Ile 0.4 ni nafasi ya kuingilia. Bila hiyo kifuniko kinakataa kuingia. Bomba likibadilika, unabadilisha namba moja tu. F5 inaonyesha umbo haraka, F6 inalitengeneza kamili, F7 inatoa STL, yaani faili la umbo la kuchapwa kwa 3D. Kazi nzito ni F6: umbo lenye miviringo mingi yenye `$fn` kubwa, yaani idadi ya pande zinazounda kila mviringo, linaweza kuishikilia mashine kama yangu muda mrefu. Ninapojaribu naacha `$fn = 24`, naipandisha mwishoni tu.

Na FreeCAD?

Ni programu nzuri sana ya bure ya kuchora vitu vya 3D, na toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2024. Kwa kipande kimoja inanivumilia. Nikiunganisha vipande vingi, diski inaanza kulia na mausi inagoma. Ukipata GB 8, anza nayo bila wasiwasi. Kwa ramani ya vyumba vya nyumba, jaribu Sweet Home 3D.

Mhandisi akinitumia DWG?

DWG ni aina ya faili la michoro ya AutoCAD. Mwambie akuhifadhie kama DXF, aina ambayo LibreCAD yenyewe huitumia. LibreCAD ikifungua DWG, mara nyingine mistari inapotea, nawe huwezi kujua kama mchoro ulikuja nusu. Mimi nikipokea DXF napima kwanza mstari mmoja ninaoujua, kama upana wa mlango. Ukisoma 0.9 badala ya 900, aliyeuchora alitumia mita, na mchoro wote unahitaji kukuzwa mara 1000 kabla sijagusa kitu.