7520U au 7530U? Tarakimu moja iliyonibadilishia laptopu

Nina mwezi wa nne na laptopu yenye prosesa ya Ryzen 5 7530U, niliyoinunua duka moja jirani na Mnara wa Saa hapa Arusha. Naridhika nayo, ila siku ile nilibakiza kidogo niondoke na ya 7520U.

Zilikaa mezani pamoja, zote na stika ileile: Ryzen 5, 7000 Series. Kijana wa duka akaniambia, "Dada, hizi zote mpya, chukua tu hii ya bei nafuu. Tena ina 2.8 GHz, ile nyingine 2.0." Hakunidanganya, namba hizo zipo kweli. Ila hiyo ni kasi ya msingi. Kazi ikiwa nzito 7520U hupanda hadi 4.3, na 7530U hadi 4.5.

Pa kuangalia ni tarakimu ya tatu. Kwenye laptopu za Ryzen 7000, ile 7 ya mwanzo ni kama mwaka wa modeli ya gari, injini inatajwa na tarakimu ya tatu. 7520U ina 2, yaani Zen 2, usanifu wa 2019. 7530U ina 3: Zen 3, ya 2020. 7540U ni Zen 4. Herufi U haisemi lolote kuhusu umri, inasema tu kwamba prosesa inakula umeme kidogo.

Nikaomba ziwashwe, nikabonyeza Windows na R, nikaandika:

```
msinfo32
```

Mstari wa Processor ukatoa jina zima. Ya bei nafuu: 4 Core(s), 8 Logical Processor(s). Ya pili: 6 na 12. Mimi nahariri video za wageni wa safari, kwa hiyo viini viwili vya ziada navihisi kila siku. Lakini kilichokata shauri ni RAM. 7520U hutumia LPDDR5 pekee, ambayo huchomelewa kwenye bodi, hivyo 8 GB uliyonunua ndiyo utakayozeeka nayo. Hii yangu ilikuwa na nafasi tupu ya DDR4, nikaongeza 8 nyingine wiki iliyofuata.

Nisiionee 7520U: kwa barua, mahesabu ya duka na kuangalia video inatosha, na betri haiimalizi haraka. Wala yangu si mpya kihivyo. Ndani yake ni karibu sawa na 5625U ya 2022, jina ndilo lililobadilika. Nilijua hivyo nikalipa.

Kanuni hii usiipeleke kwenye Ryzen 5000. Huko 5500U ni Zen 2 na 5600U ni Zen 3, na tarakimu ya tatu ni sifuri kwa zote mbili. Ukikutana nazo, andika jina zima kwenye simu, usome usanifu wake kwenye tovuti ya mtengenezaji, ukiwa bado umesimama dukani na hela iko mfukoni.