Mihuri na sahihi ndani ya tafsiri ya Kiarabu: uzoefu wangu na mtafsiri wa hapa Mjini

Mdogo wangu alitakiwa apeleke cheti cha ndoa kwa Kiarabu ili amfuate mumewe Maskat. Cheti kiko Chake Chake kwa mama, mimi niko Unguja, kwa hiyo mama alikipiga picha kwa simu akanirushia. Tafsiri ya kwanza niliifanyisha kwa mtu mwingine, ikarudishwa. Maandishi yote yalikuwemo, lakini ule muhuri wa duara na sahihi mbili za chini hazikutajwa popote, isipokuwa neno moja pembeni: tabiu. Kosa hilo nililianzisha mimi, maana nilimwandikia kwamba karatasi ina "stempu", kama tunavyosema mtaani. Kwa Kiarabu tabiu ni stempu ya kubandika, ya posta au ya ada. Muhuri wa wino ni khatm. Aliyesoma tafsiri ile alitafuta stempu iliyobandikwa kwenye karatasi, asiione.

Huyu wa pili, ambaye ndiye ninayemwandikia maoni haya, kabla ya kugusa maandishi aliikuza picha na kuhesabu kila alama isiyokuwa ya mwandiko wa cheti. Kila moja aliiweka kwenye mabano ya mraba, pale pale inapokaa: umbo lake, rangi ya wino, maneno yaliyomo, na kama imepita juu ya kitu kingine. Muhuri wetu ukawa hivi, nikiurudisha kwa Kiswahili: [muhuri wa duara, wino wa buluu, umepita juu ya sahihi ya pili; maneno yanayosomeka: Mahkama ya Kadhi; yaliyobaki hayasomeki]. Kwenye sahihi hakuandika jina la kadhi ingawa limechapwa chini yake. Aliandika tawkii, yaani sahihi, akaongeza kwamba haisomeki, kisha jina lililochapwa akalitafsiri kwenye mstari wake. Aliniambia wapo wanaoiandika "sahih" kwa kufuata Kiswahili, na kwa Mwarabu hiyo ni "kweli" au "bila kosa", kana kwamba mtafsiri ameithibitisha karatasi.

Jambo jengine ambalo nisingelifikiria ni upande. Ukurasa wa Kiarabu unaanzia kulia, kwa hiyo kilichokuwa kushoto kwenye cheti kinaweza kuhamia kulia kwenye tafsiri. Ndiyo maana kila mabano aliyaandikia "chini kushoto kwenye asili", msomaji akiweka karatasi mbili pamoja asipotee.

Tulibishana kwenye tarehe. Ndani ya muhuri palisomeka siku na mwaka, mwezi ulikuwa ukungu mtupu. Nikamwambia, "Maalim, si mwezi uko pale juu? Ndoa ilifungwa Machi, jaza tu Machi." Akakataa. "Ile ya juu ni tarehe ya ndoa, hii ni ya aliyepiga muhuri. Mimi naandika ninachokiona." Akaandika kwamba mwezi hausomeki, akanitaka nipige simu kwa mama.

Mama akaipeleka karatasi dirishani asubuhi, mwanga ukiingia kwa ubavu, bila taa ya simu, akapiga akiwa ameinamisha simu kidogo. Nikamwambia atume kama faili, si kama picha ya kawaida, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa na herufi ndogo huvunjika. Mwezi ukasomeka: Juni. Cheti kilitolewa miezi mitatu baada ya ndoa. Ningejaza Machi, tafsiri ingegongana na karatasi yenyewe.

Na mwanga ule wa ubavu ukatoa kitu ambacho hatukukijua: pembeni kulikuwa na muhuri mkavu, wa kubonyezwa, usio na wino. Kwenye picha ya kwanza taa ilikuwa imepiga moja kwa moja, kivuli cha michirizi hakikuwepo, karatasi ikaonekana nyeupe. Mtafsiri akauongeza kama khatm bariz, muhuri wa kuinuka. Akaomba pia picha ya nyuma, maana wizara mara nyingi hugonga nyuma. Yetu ilikuwa tupu, naye akaandika hivyo.

Kasoro zipo. Siku mbili alizoahidi zikawa nne, na marekebisho ya baada ya picha mpya yalilipiwa upya, shilingi elfu kumi, ilhali mwanzoni hakunieleza. Pia ujue mpaka wa kazi yake: yeye hueleza muhuri unavyoonekana, hasemi kama ni wa kweli, na kwa picha mbovu atakuandikia "haisomeki" mara tano bila ya kukuonea haya.

Safari hii karatasi haikurudi. Nyota nne, na ya tano nimeizuilia kwa zile elfu kumi.