Kushusha riba au kununua hatifungani?

Mjadala huu wa jinsi benki kuu inavyoweza kuinua uchumi uliodorora haukosi kwenye baraza za Darajani. Kushusha riba ni kwepesi, na mambo yakibadilika inapandishwa tena. Mabenki yakikopa rahisi, hata mkulima wa karafuu Wete hupata nafuu. Kwetu nafasi ipo: Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliweka riba yake asilimia 5.5.

Lakini nafasi hiyo huisha: riba ya benki kuu ya Japani ilifika sifuri mwaka 1999. Bei zikishuka asilimia 1 kwa mwaka, hata mkopo usio na riba unakulemea kwa asilimia 1. Na riba ikishuka chini mno ya sifuri, watu huweka noti ndani. Mwaka 2001 benki kuu yao ikaongeza ununuzi wa hatifungani za serikali, yaani hati za mkopo wa serikali, kwa fedha mpya. Ununuzi huo unazifikia riba za mikopo ya miaka mingi, na hapo ndipo unaposhinda. Lakini fedha nyingi zilibaki kwenye akaunti za mabenki hukohuko benki kuu, maana makampuni yalikuwa yakilipa madeni, hayakopi. Dalili ndiyo hiyo: akiba za mabenki zinapanda, mikopo haipandi.

Kwa hiyo mwenye riba ya kupunguza aanze nayo. Aliyefika sifuri anunue, na naona serikali nayo ikope na kutumia, kwani mkopaji mwingine hayupo.