Sinki la mguu au la ukutani kwenye ukuta wa jipsam? Uzoefu wangu baada ya la kwanza kung'oka

Choo chetu cha ndani kilipatikana kwa kukimega chumba cha kulala. Tunakaa ghorofani, hatukutaka kuongeza uzito wa matofali, kwa hiyo fundi alisimamisha patisheni ya jipsam: fito za chuma chepesi kila baada ya sentimita 60, bodi ya kijani, ile ya kustahimili unyevu, ya milimita 12 upande wa choo, bodi nyeupe upande wa chumbani, kisha vigae. Unene wote haufiki sentimita 11. Na sinki, kwa jinsi mlango na bomba la mvua vilivyokaa, halikuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye ukuta huo huo.

Kariakoo nilioneshwa aina mbili, la mguu na la ukutani. Nikachukua la ukutani bila kufikiri sana. Choo ni cha mita 1.2 kwa 2, nilitaka ndoo iingie chini ya sinki na dekio lipite bila kuzungushwa. Lina upana wa sentimita 50, linatokeza 45 kutoka ukutani, na uzito wake ni kilo 12.

Fundi bomba alitoboa matundu mawili, akaingiza fisha za plastiki na skrubu ndefu, akapaka saruji nyeupe kuzunguka ukingo wote wa nyuma. Kazi ya saa moja. Siku hiyo ukilishika lilikuwa imara kama limeota pale, na hiyo saruji nyeupe ndiyo iliyonidanganya. Wiki ya tatu nikaona ufa mwembamba kama unywele kati ya ukingo wa juu na kigae. Nikaupaka silikoni. Baada ya siku chache silikoni nayo ikavutika, ukafunguka mwanya unaopitisha kadi ya benki. Hapo ndipo nilipotakiwa kulishusha, sikulishusha.

Likaja kushushwa na babu. Alikuja kutoka Tanga kutusalimia mwezi wa Ramadhani, alfajiri akaingia kutawadha. Alipofika kwenye miguu akafanya anavyofanya miaka yote: akapandisha mguu mmoja ndani ya sinki, mkono mmoja ukashika ukingo wa mbele. Sinki likainama kama ng'ombe anayekunywa maji. Halikuanguka, lilibaki likining'inia kwenye mipira ya maji na trapu, lile bomba lililopinda la kutoa maji machafu, na koki moja ikaanza kurusha maji ukutani. Babu hakuumia, alhamdulillah, ila alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. "Mjukuu wangu, hiki mmekigundisha kwa ugali?"

Tulipolitoa ndipo nikaelewa kilichotokea. Fisha hazikukatika. Zilitoka zikiwa nzima, kila moja na kipande cha jipsam kimeizunguka kama kola. Chini zaidi, mahali ukingo wa chini wa sinki ulipokuwa ukigusa ukuta, vigae viwili vilikuwa vimebonyea kuelekea ndani.

Watu wengi, mimi nikiwemo, tunadhani sinki linavuta ukuta kwenda chini. Linavuta kwenda mbele. Ukingo wa chini unajiegemeza ukutani kama bawaba ya mlango, na bolti za juu ndizo zinazozuia lisilale. Kwenye langu, kutoka ukingo wa chini hadi kwenye bolti ni sentimita 9 tu, na kutoka ukutani hadi ukingo wa mbele ni 45. Hiyo ni mara tano. Mtu akiegemeza kilo 40 pale mbele, bolti zinavutwa kwa nguvu ya kilo 200, mia kwa kila moja. Hata likiwa tupu, kilo 12 zake zenye kitovu kama sentimita 20 kutoka ukutani zinavuta bolti kwa karibu kilo 27, usiku na mchana. Bodi ya milimita 12 haina ubavu huo. Hata zile nanga za kipepeo, zinazofunguka mbawa nyuma ya bodi, ni za kutundikia kioo au kishikio cha taulo. Kiwango cha Ulaya cha sinki za kunawia, EN 14688, kinataka sinki la ukutani lihimili nguvu inayolingana na takriban kilo 150. Sinki lenyewe linaweza. Ukuta ndio wa kuuliza.

Fundi wa pili, mseremala kwa asili, hakugusa vigae kabisa. Alizunguka chumbani, nyuma ya kabati, akakata dirisha kwenye bodi nyeupe kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua, kuanzia fito moja hadi nyingine. Fito alizitafuta kwa sumaku ya spika mbovu: inanasa kwenye vichwa vya skrubu, ukiona skrubu zimepangana wima basi hapo pana fito.

Ndani alisimamisha mbao mbili za mbili kwa nne, kila moja ikiwa ndani ya tumbo la fito, zikikanyaga sakafu ya zege. Nilimuuliza kwa nini asifunge tu mbao za kulala kwenye fito akamaliza. Akanishikisha fito kwa vidole viwili, ikajipinda. Chuma hicho ni chembamba sana, kimekusudiwa kubeba bodi. Ukifunga sinki juu yake bila kukisaidia, bolti hazitang'oka ila ukuta mzima utatikisika, na vigae vitaachia maungio. Ule uzito lazima ufike kwenye zege.

Kati ya hizo mbao za wima akaweka mbao mbili za kulala. Moja kwenye usawa wa bolti, nyingine chini yake, pale ukingo wa chini wa sinki unaposukuma. Hiyo ya pili ndiyo mafundi wengi wanaisahau, na bila hiyo jipsam inaendelea kubonyea taratibu, na kila ikibonyea bolti zinalegea. Mbele ya mbao hizo, ikigusana kabisa na mgongo wa bodi ya kijani, akapachika plaiwudi ya marini ya milimita 18. Usiachwe mwanya hata wa milimita 2, alisema, maana ukikaza nati bodi itajaa kwenye huo mwanya na kigae kitapasuka. Mbao zote alizipaka dawa ya mchwa na rangi ya mafuta kwanza.

Kwa kuwa ukuta ulikuwa wazi, hatukutumia skrubu za mbao. Alipitisha vipande vya tredibaa vya milimita 10, vyuma vyenye nyuzi mwili mzima, kutoka nyuma kwenda mbele: mbao, plaiwudi, bodi, kigae. Nyuma akaweka washa pana za mraba na nati mbili mbili zinazokabana. Mbele zikabaki sentimita 5 za kupokea sinki. Nilinunua za stenlesi kwa sababu maji yetu ni ya kisima na yana chumvi, na bolti za kawaida za kwanza zilikuwa zimeanza kutu kwa wiki chache tu. Matundu ya kwenye vigae aliyatoboa kwa kekee ya vigae na drili ikiwa haigongi.

Ukingo wa juu tuliuweka sentimita 83 kutoka sakafuni. Kabla ya nati, kila bolti ikavalishwa bushi na washa ya plastiki, chuma kisigusane na udongo wa sinki. Akakaza kwa mkono mpaka mwisho, kisha nusu mzunguko kwa spana, akapima kwa pimamaji, akaongeza kidogo kushoto. Sinki linapasuka kwa kukazwa kuliko kwa kukaliwa, na mlio wake ukishausikia hakuna cha kufanya. Saruji nyeupe hakutaka kuiona. Alipaka silikoni juu na pembeni tu, chini akaacha wazi. Maji yakipenya yadondoke nije niyaone, yasibaki ndani yakinywewa na bodi.

Kabla ya kuziba dirisha la chumbani nilichora mstari wa penseli kwenye kigae ukingoni mwa sinki, nikaegemea mbele kwa mikono miwili kwa nguvu zangu zote. Mstari haukuachana na ukingo. Fundi alikuwa chumbani na tochi akitazama mbao.

Sasa, la mguu. Nimepata kulifahamu kwa mama, Mbagala, ambako nilimnunulia baada ya mkasa huu. Ukuta wake ni wa tofali nyembamba, na pale linafaa. Mguu unapokea sehemu ya uzito na kuupeleka chini, lakini hauzuii sinki kulala mbele, kwa hiyo bolti za ukutani ni lazima. Nimeona nyumba ambayo sinki limekalishwa tu juu ya mguu na kubandikwa kwa silikoni, na mtoto akiligusa linacheza. Muuzaji akikwambia la mguu halihitaji ukuta, usimsikilize.

Shida yake nyingine ni sakafu. Vyoo vyetu vina mteremko kuelekea kwenye tundu la maji, na mguu umekatwa kwa sakafu iliyonyooka. Kwa mama ulicheza mpaka tukaukalisha kwenye vipande vya plastiki upande mmoja, ndipo ukafungwa sakafuni. Na nyuma ya mguu panabaki pango ambalo brashi haifiki, mende wamelipenda. Pia urefu wa sinki unaamuliwa na mguu, huna uhuru wa kupandisha au kushusha. Upo na mguu nusu, unaofunika trapu tu na kufungwa ukutani. Huo haubebi chochote, ni pambo.

Kwa ukuta wa jipsam ambao hamruhusiwi kuufungua, kama nyumba ya kupanga, ningechukua la mguu, nikatafuta angalau fito moja ya kufungia bolti, na nikakubali kwamba hakuna atakayepandisha mguu humo. Au kabati dogo lenye sinki juu, linalosimama kwa miguu yake. Kama patisheni bado inajengwa, mwambie fundi aweke mbao na plaiwudi kabla bodi ya pili haijapanda. Kwangu kazi ya kurudia, pamoja na kupaka chumba rangi upya, ilizidi bei ya sinki lenyewe.

La ukutani bado lipo. Limepita zaidi ya mwaka, mstari wa penseli umebaki ulipo. Babu amerudi mara mbili, na kila akimaliza kutawadha analigonga mara moja kwa kiganja kabla ya kutoka.