Barua ya kutodaiwa kutoka benki: uzoefu wangu hapa Nairobi, na bidi bondi ya zamani iliyotokea nayo

Naandika hii kwa wale wenye kampuni ndogo wanaotafuta tenda, juu hii barua watu wanaichukulia rahisi sana. Sisi tunauza na kufunga pampu za maji, ofisi iko Industrial Area, na tulikuwa tunaungana na kampuni nyingine kubwa kidogo tuombe kazi pamoja. Wakili wao akasema kabla watie sahihi mkataba wa ubia wanataka barua ya benki inayosema hatuna mkopo wala deni lolote. Mimi nikajua hiyo ni kitu ya mchana mmoja, mkopo wa lori tulishamaliza kitambo na hatuna mwingine.

Benki sitaitaja. Branchi ni ya mjini, wahudumu wa kaunta hawana maneno mabaya, foleni ya kawaida. Ada ya barua wanakata kwa akaunti, na juu yake kuna ushuru wa bidhaa wa serikali, hiyo haina ubishi, uliza tu kiasi kabla usaini maana kila benki ina bei yake.

Shida ya kwanza ilikuwa barua yenyewe. Nilipoeleza dada wa kaunta akaniambia "sawa, andika ombi," nikaandika, na nilichopewa baadaye ni ile barua ya utambulisho: kampuni ni mteja wetu tangu mwaka fulani, akaunti inaendeshwa vizuri, barua hii inatolewa bila benki wala maofisa wake kubeba jukumu lolote. Nzuri kabisa kwa kuombea viza, lakini hakuna mahali imesema kitu kuhusu mkopo. Wakili akairudisha siku hiyo hiyo. Sasa ukweli ni kwamba kaunta wana barua kadhaa ndani ya sistemu na wanachapisha ile wanayoizoea, kwa hivyo usiende kuomba "barua ya benki" tu. Chukua maneno yenyewe kwa anayeitaka, yaweke ndani ya ombi lako neno kwa neno. Kwetu walitaka iseme kampuni haina deni "la moja kwa moja wala la masharti" kufikia tarehe ya barua. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yalileta mambo yote.

Ombi la pili nikalifanya vizuri zaidi, kwa letahedi, namba ya akaunti, jina la atakayepokea barua, ruhusa ya kukata ada, na sahihi zetu wawili wakurugenzi kama mandeti ya akaunti inavyosema (akisaini mmoja na mandeti inataka wawili linarudi bila hata kusomwa). Nikaongeza pia sentensi ya kuruhusu benki imthibitishie wakili yule akipiga simu au akituma imeili. Hiyo watu huisahau, alafu wanashangaa mbona benki imekataa kuongea na mtu wa tenda. Siri ya mteja ni siri, bila ruhusa yako ya maandishi hawafungui mdomo na hapo mimi niko upande wao.

Kukaa kidogo ofisa wa akaunti yetu akanipigia. "Bosi, mkopo umeisha kweli, lakini kuna laki tatu hapa bado inaonekana." Laki tatu gani tena? Kumbe ni bidi bondi. Kuna tenda ya karibu milioni kumi na tano tuliwahi kuomba, na dhamana ya tenda kisheria haizidi asilimia 2 ya thamani, kwa hivyo ikatoka bondi ya laki tatu, tukashindwa na maisha yakaendelea. Lakini kwa vitabu vya benki bondi ni ahadi kwamba wakidaiwa watalipa, na wakilipa watakuja kwetu. Hilo ndilo deni la masharti. Hujakopa hata shilingi na bado unasoma una kitu. Na kibaya zaidi, tuliweka pesa taslimu ya kuikinga, laki tatu nzima imefungiwa muda huo wote kwa akaunti ambayo huwa hatuiangalii.

Nikamuuliza si hiyo bondi ilishaisha muda? Akaitoa kwa faili tukaisoma pamoja. Pale chini kuna aya inasema dai lolote lazima lifike benki kabla ya tarehe fulani, na hiyo tarehe ilikuwa imepita kitambo, maana yake bondi imekufa. Kilichobaki ni kwamba hakuna aliyeiondoa kwa sistemu, kwa sababu idara ya dhamana huko makao makuu hungoja karatasi halisi irudi, na karatasi halisi ilibaki ndani ya faili ya tenda kule tulikoomba. Sheria ya manunuzi inawataka waachilie dhamana mkataba ukishasainiwa na mshindi. Waachilie, ndiyo, lakini hakuna mtu atakuletea ofisini kwako, unaenda kuitafuta.

Hapa ndipo naipa benki alama mbaya. Ofisa wa branchi alikuwa msaada, lakini idara ya dhamana ilikuwa inataka karatasi halisi tu, kila imeili jibu ni lile lile, na karatasi ya zamani hivyo kuipata stoo ni bahati. Kilichofungua njia ni barua fupi kutoka ofisi ya ugavi ya waliotangaza ile tenda, wakisema hawana dai lolote chini ya bondi namba fulani na wanaiachilia. Namba ya bondi, tarehe na kiasi lazima vifanane na vya benki, juu barua ikisema "dhamana yenu" bila namba itarudishwa. Baada ya hiyo kuingia, bondi ikatolewa, laki tatu ikafunguliwa, na barua ya kutodaiwa ikatoka na maneno yetu yote, muhuri na sahihi mbili za benki.

Kama uko na ovadrafti hujaigusa, uliza mapema wataiandikaje. Sio deni, lakini benki nyingine huandika "ana limiti ya kiasi fulani, haijatumika," na mimi naona hiyo ni sawa kuliko kuifuta haraka haraka alafu uihitaji kazi ikianza. Mwambie tu anayepokea barua kabla aione.

Alafu msichanganye hii na karatasi ya CRB. Wakili alitaka zote mbili na alikuwa sahihi. Cheti cha CRB kinasema hujaripotiwa kwa kushindwa kulipa, unaweza kuwa na mkopo mkubwa unaoulipa vizuri na bado ukipate. Na barua ya benki inazungumzia benki hiyo peke yake, kama una akaunti mahali pengine ile nayo inahitaji barua yake. Tarehe pia, isomwe "kufikia leo," kwa hivyo ukiiomba mapema sana wenye tenda watasema imezeeka, ukichelewa kitu kama bondi yetu inakumaliza. Mimi sasa ningeanza kwa kumuuliza ofisa wa akaunti kwa imeili aniangalizie kila kitu kilicho wazi kwa jina la kampuni, dhamana zikiwemo, kabla ya kulipia barua yoyote.

Nyota tatu kwa tano. Ada ya ile barua ya kwanza niliomba warudishe kwa sababu haikuwa niliyoomba, wamerudisha ada lakini ule ushuru wake wanasema ulishaenda kwa serikali. Bado nawafuata.